Kusoma logi za chatboti ni nini hasa, na kwa nini "saa tisa" inaweza kumuuzia mteja tiketi ya basi lisilo lake

Ukiwa na chatboti, kila meseji ya mteja na kila jibu lake linaandikwa mahali, pamoja na muda na kile mashine ilidhani mteja anataka. Hizo ndo logi. Kusoma logi ni kukaa chini uyapitie hayo mazungumzo kwa macho yako, moja moja, ukitafuta watu wanakwama wapi na chatboti inaelewa nini vibaya kila siku. Dashibodi haikuambii hivyo, dashibodi inakuambia watu wangapi wameongea na wangapi wamenunua, basi.

Wengi wakianza wanakimbilia zile meseji ambazo chatboti ilijibu "samahani sijaelewa". Ni sawa kuanzia hapo, maana zinachujwa kirahisi: mashine inapokisia nia ya mteja inaipa alama ya uhakika kati ya 0 na 1, ikishuka chini ya kizingiti ulichoweka (kwa Rasa, programu ya kutengenezea chatboti, kawaida ni 0.3) inakubali imeshindwa. Lakini hayo ni makosa ambayo mashine yenyewe imeyakiri. Mimi naona yanayokula wateja ni yale ambayo mashine haijui kama imekosea, inajibu kwa kujiamini kabisa, na hayo kwenye chujio lako hayaonekani.

Chukua mfano wa kampuni ya basi pale Kampala inayouza tiketi za Arua kupitia wosapu. Mteja anaandika Kiswahili cha huku kwetu, na logi inatoka hivi:

```
08:14 mteja: nataka basi ya arua kesho saa tatu
      nia: kata_tiketi  alama: 0.94  muda: 03:00
08:14 bot:   Hakuna basi la 03:00. Chagua muda mwingine.
08:15 mteja: saa tatu asubuhi
      nia: kata_tiketi  alama: 0.91  muda: 03:00
08:15 bot:   Hakuna basi la 03:00. Chagua muda mwingine.
08:17 mteja: 9am
      nia: kata_tiketi  alama: 0.88  muda: 09:00
08:17 bot:   Basi la 09:00 lipo. Majina yako kamili?
```

Angalia hiyo 0.94. Ni alama nzuri sana, na ni kweli nia imepatikana sawasawa, mtu anataka tiketi. Ila hiyo alama inahusu nia peke yake, haisemi chochote kuhusu saa. Kipande kinachotoa muda ndani ya sentensi kimeona "tatu" kikaandika 03:00, wakati mtu yeyote anayeongea Kiswahili au Luganda anajua saa tatu asubuhi ni 9:00. Ukipanga logi kwa alama ya chini kwenda juu, haya mazungumzo yatakaa mwisho kabisa na hutayafikia.

Sasa utayapata vipi? Kwanza kusanya meseji ziwe mazungumzo kamili: namba moja, na ikipita kama nusu saa kimya hesabu ni mazungumzo mapya. Meseji moja moja haina maana, "9am" peke yake haikuambii kitu. Halafu tafuta kurudia, yaani mteja anayetuma meseji mbili tatu mfululizo zenye nia ileile huku chatboti inatoa jibu lilelile. Kurudia ndo dalili kubwa kuliko zote, mtu harudii kitu akiwa ameeleweka. Na ukishalipata zungumzo la namna hiyo lisome kutoka mwisho kurudi nyuma: ona alifanikiwa kwa meseji ipi, kisha rudi kwenye ile ya kwanza iliyoshindwa. Hapo juu "9am" inakupa jibu sahihi la "saa tatu asubuhi" bila kumuuliza mtu yeyote, mteja mwenyewe amekutafsiria.

Lakini huyo wa 9am ana bahati maana amekataliwa, akajua kuna shida. Kuna mwingine ameandika "saa tisa mchana", mashine ikasoma 09:00, na basi la 09:00 lipo kweli, tiketi ikauzwa, pesa ikaingia, na kwenye ripoti hayo ni mauzo mazuri. Mtu anafika stendi saa nane na nusu mchana kulisubiri basi lake na basi limeshaondoka tangu asubuhi. Kwenye logi ya zungumzo lile hutaona kurudia wala "sijaelewa", utaona "asante". Kosa la hivi unalikuta kwenye zungumzo linalofuata, namba ileile ikirudi siku ya safari na "basi imeniacha" au "nirudishieni pesa". Kwa hiyo usisome walioshindwa tu, chukua na mazungumzo kadhaa yaliyofanikiwa, ya kubahatisha, ulinganishe alichoandika mteja na kilichochapwa kwenye tiketi. Inachosha ndio, ila bila hivyo unabaki kusubiri mteja arudi kulalamika.

Unaposoma andika pembeni kwa maneno ya kawaida nini kimetokea, "saa imesomwa vibaya", "anataka kutuma mzigo", usianze na orodha ya makosa uliyoitunga kichwani maana utalazimisha kila kitu kiingie humo. Ukishasoma kama mia hivi ndo upange mafungu na kuhesabu. Hapo utagundua mengine wala si ya kuelewa: mtu anayetaka kutuma gunia la mihogo Arua chatboti inamwelewa vizuri tu, ila kampuni haijaiwekea huduma ya mizigo, hiyo peleka kwa mameneja, usiende kuitrein upya. Na aliyeuliza nauli akajibiwa akanyamaza usimhesabu kama amekwama, labda ameshapata alichotaka.

Kitu cha kufanya kabla hujagawa logi kwa yeyote: watu wanaandika kila kitu mle, namba za simu, namba ya kitambulisho cha taifa ile ya herufi na tarakimu 14, hata majina ya watoto wanaosafiri nao. Zifute au zifunike kwanza, Uganda ina sheria ya ulinzi wa data na faragha tangu 2019, na msomaji wa logi hahitaji jina la mtu ili aone saa imekosewa.

Turudi kwenye dawa ya ile saa. Kuimwagia mashine mifano mingine ya meseji za kata_tiketi ili ijifunze hakusaidii kitu, nia haikuwa na tatizo. Kinachorekebishwa ni kile kipande cha muda: namba ya saa ikiandikwa kwa neno la Kiswahili au Luganda, ongeza au punguza sita, kisha asubuhi, mchana na usiku ndo viamue upande, ili saa tatu usiku iwe 21:00. Ikiwa na am au pm iache ilivyo. Kigumu ni "saa 9" yenye tarakimu, huku mjini mmoja anamaanisha 9:00 ya asubuhi na mwingine 15:00, na hakuna kanuni itakayowatenganisha, lazima chatboti iulize: "Saa tatu asubuhi (9:00 AM) au saa tisa mchana (3:00 PM)?"

Wiki inayofuata rudi kwenye logi utafute meseji zenye "saa" uone kama kurudia kumepungua. Na soma kwa makini wanaojibu hilo swali jipya kwa "ndio" tu, bila kuchagua, maana chatboti ikiipokea "ndio" kama chaguo la kwanza basi tiketi zisizo zenyewe zinaendelea kuuzwa.