Tapwi! Kutengeneza mlio wa jiwe linaloanguka matopeni kwa mdomo, jsfxr na Audacity

Tanakali za sauti tulizofundishwa shuleni ni orodha ya milio ya gemu iliyokwisha andaliwa: pu mchangani, chubwi majini, tapwi matopeni. Hapa tutatengeneza tapwi. Ina vitu viwili ndani yake, kishindo cha jiwe na urojo unaoruka pembeni, na kila kimoja kinatoka mahali pake.

Kishindo kinatoka mdomoni. Tamka "tapwi" kwa kunong'ona, bila koo kutetemeka. Weka vidole kooni uhakikishe. Koo likitetemeka, mchezaji atasikia mtu anayesema tapwi, na hakuna kichujio kitakachomwondoa mtu huyo baadaye. Rekodi ndani ya kabati la nguo au chini ya blanketi, ili mwangwi wa chumba usiingie. Maikrofoni ikae kama sentimita 15 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ya kona ya midomo, kwa sababu "p" hupuliza hewa, na hewa hiyo ikiipiga maikrofoni moja kwa moja unapata mvumo mzito usiofanana na chochote. Kilele cha sauti kiwe kati ya -12 na -6 dB. Rudia mara kumi, na mwanzoni uache sekunde mbili za kimya.

Kimya hicho kina kazi. Kichague ndani ya Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, fungua Noise Reduction, bonyeza Get Noise Profile, kisha chagua rekodi nzima na upunguze kwa 12 dB. Ukizidisha, mkia wa sauti huanza kulia kama maji yanayobubujika ndani ya bomba.

Sasa chagua tamko bora na ulipunguzie kasi hadi 0.6 kwenye Change Speed and Pitch. Mlio wa sekunde 0.4 utarefuka hadi karibu 0.67, na mdomo wa binadamu utageuka kitu kizito. Lakini kila masafa yanashuka kwa kiasi hichohicho: kilichokuwa hezi 8,000 sasa kiko 4,800. Ndiyo maana sauti iliyopunguzwa kasi husikika kama imefunikwa godoro. Hali huwa mbaya zaidi kama ulitumia programu ya simu inayorekodi kwa hezi 16,000, maana rekodi hubeba masafa hadi nusu tu ya kiwango hicho, na hii haina chochote juu ya 8,000 tangu mwanzo. Rekodi kwa 44,100.

Pengo hilo la juu ndilo linalojazwa na jsfxr, toleo la kivinjari la sfxr, programu ndogo ya bure ya mwaka 2007 inayotengeneza milio ya gemu. Bonyeza Hit/Hurt, chagua wimbi la Noise, weka Attack sifuri, Sustain fupi sana na Decay ya wastani, mpaka upate "tss" ya kama sekunde 0.2. Pandisha High-pass filter hadi uzito wote uondoke. Uzito tunao tayari. Hifadhi kwa biti 16, kwani biti 8 huacha mkwaruzo kwenye mkia.

Ingiza faili hilo Audacity chini ya tamko lako na ulishushe kama 10 dB. Kuza picha ya wimbi, kisha ucheleweshe "tss" kidogo, kama milisekunde 15, kwa kuwa tope huruka baada ya jiwe kugusa. Ukipita 40 hivi, sikio linaanza kuhesabu mapigo mawili.

Kata kimya chote cha mwanzoni. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde ina milisekunde kama 17 kwa fremu, kwa hiyo kimya cha 50 ni fremu tatu za kuchelewa, na mchezaji atalaumu vitufe. Kata pale wimbi linapovuka mstari wa sifuri (herufi Z hukusogezea huko), la sivyo utasikia "tik". Mwishoni weka Fade Out.

Kabla ya kuhifadhi, pitisha High-Pass Filter kwenye hezi 100. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti za chini hivyo, na zikibaki zinakula nafasi bure. Kama kishindo kinapotea ukisikiliza kwa simu, uzito wako wote uko chini mno: rudi upunguze kasi hadi 0.75 badala ya 0.6. Kisha Mix and Render, Normalize hadi -3 dB, na uhifadhi WAV ya mono. MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni, kilekile ulichotoka kukikata.

Mawe matano yakianguka kwa mlio uleule yatasikika kama mashine. Ndani ya Godot 4, programu ya kutengenezea gemu, weka mlio kwenye nodi ya AudioStreamPlayer uliyoiita Tapwi, na mistari miwili inatosha:

```
$Tapwi.pitch_scale = randf_range(0.92, 1.08)
$Tapwi.play()
```

Ukipanua hadi 0.7 na 1.3, jiwe litaonekana kubadilika ukubwa kila linapoanguka. Ni afadhali urudi kwenye yale matamko kumi na utengeneze mengine mawili.