Mibofyo 20 haitoshi kuhamisha bajeti ya matangazo

Wenye nyumba za wageni wa Mji Mkongwe wa Lamu na wa Shela wanaotangaza mtandaoni hutuletea mara kwa mara swali moja, nalo huja na picha ya jedwali la matokeo. Katika jedwali hilo, kampeni moja ndogo inaonekana kurudisha zaidi ya shilingi 100 kwa kila shilingi iliyotumika, ilhali kampeni kubwa inayobeba biashara nzima inarudisha shilingi 10 tu. Mwenye nyumba anauliza kwa nini asihamishe fedha zote ziende kule kunakolipa. Swali ni la haki, na makala haya yanalijibu kwa mfano tulioutunga, wenye hesabu zinazofanana na zile tunazozikuta kwa kawaida.

Tuseme nyumba moja ya wageni ina kampeni kubwa iliyopata mibofyo 1,400 kwa gharama ya shilingi 42,000. Kutokana na mibofyo hiyo, wageni 28 walikodi vyumba (kila kikundi kilichokodi pamoja tunakihesabu kuwa mgeni mmoja) na wakalipa jumla ya shilingi 420,000. Hao ni wageni wawili kwa kila mibofyo 100. Pembeni yake kuna kampeni ndogo 12, kila moja ikiwa na maneno yake ya utafutaji: moja inawalenga wanaotafuta chumba karibu na ufuo wa Shela, nyingine wanaotafuta safari ya jahazi hadi Manda Toto, na kadhalika. Kila moja imepata mibofyo 20 kwa shilingi 500. Mojawapo ilileta wageni wawili, mmoja akilipa shilingi 12,000 na mwingine, familia iliyokaa siku sita, shilingi 48,000. Shilingi 500 zimezaa 60,000, yaani mara 120.

Jambo la kwanza la kutazama ni idadi ya wageni waliozaa tarakimu hiyo, nao ni wawili. Lau ile familia ingeahirisha safari, mara 120 zingeshuka zikawa 24 bila ya chochote kubadilika katika tangazo lenyewe, na lau wote wawili wangeahirisha, kampeni ingeandikwa sifuri. Kipimo kinachotoka 120 hadi sifuri kwa uamuzi wa watu wawili hakijaanza kupima tangazo. Kinawapima watu wawili.

Takwimu zina njia ya kueleza udhaifu huo kwa namba. Wageni wawili katika mibofyo 20 ni asilimia 10, lakini tukiuliza ni viwango gani halisi vinavyoweza kuafikiana na matokeo hayo, kwa kipimo cha kawaida cha asilimia 95, jibu ni kuanzia asilimia 1.2 hadi karibu 32. Kwa kampeni kubwa, wageni 28 katika mibofyo 1,400, jibu ni kuanzia asilimia 1.3 hadi 2.9. Ukingo wa chini wa kampeni zote mbili unakaribia kuwa mmoja. Yumkini kampeni ndogo ni bora mara tano, na yumkini haina ubora wowote. Mibofyo 20 haiwezi kututenganishia hali hizo mbili.

Asiyekuwa na kikokotoo cha takwimu anaweza kutumia makadirio mepesi: achukue kipeuo cha pili cha idadi ya wageni, na hiyo ndiyo yumbayumba ya kutarajia. Wageni 100 huyumba kwa takriban 10, yaani sehemu moja ya kumi. Wageni 25 huyumba kwa watano, yaani sehemu moja ya tano. Wageni wawili huyumba kwa takriban 1.4, ambayo ni asilimia 70 ya hesabu nzima. Angalieni kwamba tunahesabu wageni, si mibofyo, kwa kuwa ni wageni ndio walio haba.

Kuna mtego wa pili ambao kwa maoni yangu ndio unaowaponza wengi, hata wenye kujua hesabu. Mwenye nyumba hakuichagua kampeni hii kabla ya kuona matokeo. Aliipanga orodha ya kampeni 12 kuanzia ya juu, kisha akaitazama iliyokaa kileleni. Tuchukulie kuwa kampeni zote 12 ni sawa kabisa, kila moja na kiwango halisi cha asilimia 2. Uwezekano wa kampeni moja uliyoitaja mapema kupata wageni wawili au zaidi katika mibofyo 20 ni takriban asilimia 6. Lakini uwezekano wa angalau moja kati ya 12 kufanya hivyo ni takriban asilimia 52. Yaani jedwali la kampeni zisizotofautiana kwa lolote litatoa "bingwa" wa namna hii zaidi ya nusu ya nyakati. Mvuvi aliyetega malema 12 na kukuta chewa wawili katika dema moja hayahamishi yote 11 usiku huo huo.

Dawa ya mtego huu ni kuzijumlisha. Katika mfano wetu, kampeni moja ilileta wageni wawili, tatu zilileta mgeni mmoja mmoja, na nane hazikuleta yeyote. Jumla ni wageni watano katika mibofyo 240, sawa na asilimia 2.1, kiwango kilekile cha kampeni kubwa. Kwa hiyo hata zile nane zisihukumiwe: mibofyo 20 bila mgeni inaafikiana na kiwango halisi cha kuanzia sifuri hadi karibu asilimia 14, na kampeni yenye asilimia 2 hutoka mikono mitupu katika mibofyo 20 ya kwanza mara mbili katika kila tatu.

Hata bahati ikiwekwa kando, ipo sababu nyingine ya kampeni ndogo kung'aa. Mara nyingi maneno yake ni jina la nyumba yenyewe. Anayeandika jina hilo amekwisha kusikia habari zake kwa ndugu au kwa mgeni wa mwaka jana, na pengine angekodi bila tangazo. Watu hao ni wachache, na kuongeza fedha hakuwaongezi. Fedha ya ziada itawatafuta watu wasioijua nyumba. Vilevile kampeni iliyowashwa wiki chache kabla ya Maulidi ya Mfungo Sita haifai kulinganishwa na iliyopita kwenye masika.

Ikiwa bado mwenye nyumba anaona kampeni hiyo ina dalili njema, tunamshauri aipe nafasi ya kujaribiwa upya, si bajeti nzima. Aandike kwanza, kabla ya kutumia shilingi, kwamba ataongeza mibofyo 400, ambayo kwa bei ileile ni shilingi 10,000, na kwamba hatagusa chochote kabla haijaisha. Kisha ahesabu mibofyo mipya peke yake. Ile 20 ya kwanza iachwe nje, kwa kuwa ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa nzuri. Kama kiwango ni asilimia 2 atarajie wageni wapatao wanane. Kama kweli ni asilimia 10 atarajie wapatao 40, na tofauti hiyo haifichiki. Matokeo yasisomwe siku mibofyo inapoisha, kwani mgeni wa Lamu huweza kubofya leo na kulipa wiki tatu baadaye. Katika Google Ads muda wa kawaida wa kuhesabu malipo baada ya mbofyo ni siku 30, hivyo jedwali lisomwe siku hizo zikishapita tangu mbofyo wa mwisho.