Arobaini au sitini: kusoma ubao uliofutwa kabla ya kuutafsiri

Mwezi uliopita nililetewa kazi ya picha saba za ubao mweusi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii kutoka Ukerewe walikuwa wamekuja Mwanza kwenye mafunzo ya kichocho. Mhadhiri aliandika kwa Kiingereza cha kidaktari, ambacho nusu yake ni vifupisho, na wao wakapiga picha kwa simu. Walitaka mambo yale yale kwa Kiswahili, yachapwe, waondoke nayo kwenye kivuko cha Nansio. Natafsiri maandishi ya afya, na kazi za namna hii nazipata mara nyingi hapa Kirumba. Nyingi zinaisha vizuri. Hii ilinisimamisha siku mbili kwa sababu ya tarakimu moja.

Mstari wenyewe ulikuwa wa dozi. Ulianza na `S.m.`, kifupisho cha jina la mdudu wa kichocho, ukafuata na `PZQ`, halafu tarakimu mbili na `mg/kg stat`. Ya pili ilikuwa sifuri bila shaka. Ya kwanza, ukiitazama haraka, ilikuwa 6 yenye mkwaruzo juu yake. Ukiitazama tena, ilikuwa 4 iliyoandikwa mahali palipofutwa. `PZQ` ni prazikwanteli, dawa ya kichocho, na kati ya miligramu 40 na 60 kwa kila kilo ya mwili kuna tofauti ya nusu ya dozi nzima. Na zote mbili ni dozi za kweli za dawa hiyo hiyo. Kwa hiyo kujua dawa peke yake hakukutosha kuniambia ipi imeandikwa pale.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuomba picha upya. Zile za kwanza zilitumwa WhatsApp kama picha za kawaida, na picha ikitumwa hivyo hubanwa. Ubanaji wa JPEG hukata picha katika vijipande vya pikseli nane kwa nane na kutupa vitu vidogo vyenye weupe hafifu, yaani chaki iliyofifia hasa. Nilimpigia kijana aliyezipiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hizo picha bado unazo kwenye simu? Nitumie kama dokumenti, si kama picha."

Akatuma. Faili moja ilikuwa na ukubwa zaidi ya mara kumi ya ile ya awali, na hapo ndipo kazi ya macho ilipowezekana.

Hapa inabidi nieleze chaki inavyokaa ubaoni, kwa sababu kila ninachofanya kinatokana na hilo. Uso wa ubao si laini, una vinundu na vishimo vidogo sana. Chaki inapopita hukwanguliwa na vinundu, na unga hubaki juu yake. Ndiyo maana mstari mpya, hata ulioandikwa kwa mkono mwepesi, ukiukuza unaona chembe zinazong'aa na weusi wa ubao katikati yake. Dasta ikipita huondoa unga wa juu na kusukumia uliobaki ndani ya vishimo. Alama iliyofutwa basi haina chembe. Ni ukungu uliolala sawasawa, na kingo zake zimevutwa kuelekea upande mkono ulikopita. Kwa hiyo maandishi hafifu na maandishi yaliyofutwa yanaweza kuwa na weupe sawa kabisa ukiyatazama kwa mbali, lakini yana sura mbili tofauti ukiyatazama kwa karibu. Picha iliyobanwa huua chembe, na vyote viwili vikawa ukungu. Hapo hakuna mtu anayeweza kuvitenganisha, na anayesema anaweza anakisia.

Ili chembe zionekane nasawazisha kwanza mwanga wa ubao, kwa kuwa upande wa dirisha huwa mweupe na kona ya mlango nyeusi. Natumia programu ya picha ya ImageMagick kwa amri hii:

```
magick ubao.jpg -colorspace Gray -negate \
  \( +clone -blur 0x40 \) -compose Divide_Src \
  -composite -level 60%,100% ubao2.png
```

Inageuza picha ili chaki iwe nyeusi kwenye uso mweupe, inatengeneza nakala iliyotiwa ukungu mzito inayobeba mwanga wa jumla tu, kisha inaigawa picha kwa nakala hiyo. Kinachobaki ni tofauti za karibu, yaani maandishi. Hiyo 60% naipandisha au kuishusha kwa jicho. Ikizidi mno, hata ukungu wa maneno yaliyofutwa unakuwa mweusi kama maandishi halali, na hilo ndilo kosa ninaloliona sana kwa wanaoanza: wanaikoleza picha mpaka somo la jana linaibuka, halafu wanalitafsiri pamoja na la leo. Nafanya nakala mbili, moja ya kusoma na moja iliyokolezwa sana ya kutafuta kilichofutwa, na sitafsiri chochote kinachoonekana kwenye ya pili peke yake.

Nilipoikuza tarakimu ile, mistari mitatu ya 4 ilikuwa na chembe kutoka mwanzo hadi mwisho, na ilipita juu ya duara la 6 bila kukatika. Duara lenyewe lilikuwa ukungu mtupu uliovutwa kulia. Niliona nimepata, lakini kwa dozi ya dawa jicho langu peke yake halinitoshi. Nilitaka ubao wenyewe unithibitishie kwa njia nyingine. Chini ya mstari ule palikuwa na mfano ambao kila mtu aliusoma bila shida:

```
Wt 45 kg -> 3 tabs
K-K: 5 x 24 = 120 epg
R/V 6/52
```

Mtu wa kilo 45, vidonge vitatu. Kidonge cha prazikwanteli kina miligramu 600, kwa hiyo vitatu ni 1,800. Kilo 45 mara 40 ni 1,800 kamili. Kwa 60 ingekuwa 2,700, yaani vidonge vinne na nusu. Hesabu ilikubaliana na chembe. Kisha mhudumu mwingine akanitumia picha aliyoipiga mapema zaidi, mhadhiri akiwa bado amesimama mbele ya ubao, na pale 6 ilikuwa mpya kabisa, mbele yake kukiwa na `S.j.`, kichocho cha Asia, ambacho hutibiwa kwa miligramu 60 kwa kilo zikigawanywa. Mhadhiri alikuwa analinganisha, akamaliza, akafuta kwa kiganja herufi moja na tarakimu moja, akaandika juu yake. Ubao uliobaki ulikuwa sahihi. Ukungu wake ndio uliokuwa wa somo jingine.

Mstari wa `K-K` nao ulikuwa na dosari, alama ya kuzidisha ilikuwa imefifia na mmoja wa wahudumu alikuwa ameuandika kwenye daftari lake kama saa 24. Ni kipimo cha kinyesi cha Kato-Katz. Kibati chake chenye tundu huchukua miligramu 41.7 za kinyesi, na ukizidisha mara 24 unapata gramu moja. Mayai matano yaliyoonekana yanakuwa 120 kwa gramu, na `epg` ndiyo hiyo, mayai kwa kila gramu. Jibu 120 lilikuwa limeandikwa kwa nguvu, na ndilo lililonirudishia alama iliyopotea.

`R/V 6/52` ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa kuwa haina hesabu ya kuitetea. `R/V` ni kumwona mgonjwa tena. Namba ya chini ya mkwaju haimaanishi mwezi wa kalenda wala sehemu ya hesabu: 7 ni siku, 52 ni wiki, 12 ni miezi. Kwa hiyo `6/52` ni baada ya wiki sita. Chaki ikififia kichwani mwa 5, inabaki kitu kinachofanana na 1, na wiki sita zinageuka miezi sita bila sentensi kuonekana na kasoro yoyote. Hapa chembe za kichwa cha 5 zilionekana kwenye picha mbili kati ya saba, nikaridhika. Zingeonekana kwenye moja tu ningemtafuta mhadhiri.

Kwenye ubao mweupe mambo hugeuka kidogo. Adui mkubwa ni mng'ao wa taa au wa flashi, na palipong'aa picha haikuhifadhi kitu, hakuna amri itakayokirudisha. Apige tena akiwa amesimama pembeni. Wino mwekundu wa maka peni uliochakaa unasomeka vizuri zaidi ukichukua rangi ya bluu ya picha peke yake kwa `-channel B -separate`. Wino wa bluu unataka `R`.

Baada ya kusoma ndipo tafsiri ilipoanza, na kifupisho kilichonishughulisha zaidi kilikuwa kile rahisi kuliko vyote, `S.m.` Ni Schistosoma mansoni, na kamusi itakupa kichocho. Lakini watu wengi wakisikia kichocho wanafikiria mkojo wa damu, na huo ni ugonjwa wa `S.h.`, mdudu mwingine aliyetajwa kwenye ubao huo huo. Mansoni ndiye anayetawala ufukweni mwa ziwa letu, na yeye hushambulia utumbo na ini. Mhudumu wa Ukerewe nikimpa neno moja kwa wote wawili, atamuuliza mvuvi kama mkojo wake una damu, ataambiwa hauna, atamruhusu aende. Nikaandika kichocho cha tumbo na kichocho cha mkojo kila mahali, hata pale mhadhiri alipoandika herufi mbili tu. `Stat` niliifanya "dozi moja, ameze papo hapo". `MDA`, yaani kugawa dawa kwa jamii nzima, niliiandika kingatiba, kwa kuwa ndilo neno wanalolisikia kwenye matangazo ya wizara.

Vifupisho vyenyewe sikuvifuta. Niliviacha ukingoni mwa ukurasa, kila kimoja mbele ya mstari wake, maana watakutana navyo tena kwenye kadi za wagonjwa.

Kona ya chini kulia palibaki mstari mmoja. Una `Bx`, yaani kukata kinyama cha kupima, au `Rx`, yaani tiba, neno lililovutwa na kitambaa kibichi, na namba inayoweza kuwa 2 au 7. Nilijaribu picha zote saba na ile ya nane. Mhadhiri alikuwa safarini na simu yake haikupatikana. Kwenye nakala ya Kiswahili nimeandika [mstari mmoja, hausomeki], nikaacha nafasi ya upana wa vidole viwili ili atakayempata aujaze kwa kalamu.