Wengi wao, lakini baadhi yao

"Baadhi ya magari yaliyokamatwa imerudishwa kwa wenyewe." Sentensi za sampuli hii hunifikia mezani mara kwa mara, maana kazi yangu ni kuhariri habari. Mwandishi hakukosea ovyo. Ameona "ya", akakumbuka kwamba baadhi ni nomino ya ngeli ya I-ZI, akakipatanisha kitenzi nayo. Sarufi ya shuleni ingemuunga mkono, ila wasemaji hawasemi hivyo. Kitenzi huiruka baadhi na kushika nomino inayoifuata: baadhi ya magari yamerudishwa, baadhi ya chakula kimeharibika. Hata nafsi hupita juu yake: baadhi yetu tulichelewa, baadhi yenu mlituona.

Hapo ndipo ninapoanzia nikitaka kujua kama neno la idadi linabeba kiambishi cha ngeli au la. Liweke mbele ya -ao. Tunasema wengi wao na wachache wao, kwa sababu wengi na wachache tayari wamevaa wa- ya watu. Lakini ni baadhi yao, nusu yao, robo yao. Hao wanaozungumziwa ni watu walewale, ila baadhi na nusu hazikubadilika kwa ajili yao. Zimebaki kwenye ngeli yake zenyewe.

Kila nayo haibadiliki, na ina ukaidi wa ziada: hutangulia nomino, wakati maneno mengine ya idadi kwa kawaida hufuata. Kila mtu, kila kitu, kila mahali. Huwa tunafundishwa kwamba inataka umoja, na mara nyingi ni kweli, lakini "kila wiki mbili" ni Kiswahili safi, na vilevile "kila watu watatu walipewa mkeka mmoja". Inachotaka kila ni fungu moja, hata kama ndani ya fungu hilo mna watatu. "Kila watu" bila idadi haisimami, kwa kuwa fungu halijulikani.

Kila na baadhi asili yake ni Kiarabu, kama ilivyo kadhaa (watu kadhaa, miti kadhaa, vitabu kadhaa), na ni rahisi kuamua kwamba wageni ndio wasiovaa viambishi. Usiamue haraka, maana kidogo ni mwenyeji kabisa.

Chukua "chakula kidogo". Ki- na ki-, mtu angeapa kwamba ni upatanisho. Sasa badilisha chakula uweke wali. Hakuna anayeomba "wali mdogo". Ataomba wali kidogo, kama vile maji kidogo, chumvi kidogo, sukari kidogo. Ki- hiyo imeganda. Linganisha na "kisu kidogo": ukikitia wingi unapata visu vidogo, na ukileta panga unapata panga dogo. Hapo -dogo inataja ukubwa na inafuata ngeli. Kwa hiyo watoto wadogo wanaweza kuwa mia. Wakiwa watatu tu ni watoto wachache. Mpaka huu una ufa mmoja kwenye fedha. Mshahara mdogo na faida ndogo ni vya kawaida, ingawa tunazungumzia kiasi, na faida kidogo pia inasikika. Mimi huwaachia waandishi namna zote mbili.

Wanaovaa viambishi nao hawavai kwa namna moja, na hili vitabu vingi hulipita mbio. -ingi na -chache hufuata njia ya -zuri. -Ote hufuata njia ya -angu. Tofauti haionekani vizuri kwenye watu wengi na watu wote. Inajitokeza kwenye I-ZI. Nyumba nzuri inaweza kuwa moja au kumi, na nyingi nayo haitenganishi: sukari nyingi imemwagika, nyumba nyingi zimebomolewa. Kinachokuonyesha umoja au wingi ni kitenzi. Lakini kwa kuwa kuna nyumba yangu na nyumba zangu, kuna sukari yote na nyumba zote. Vivyo hivyo maji mazuri yanakwenda na maji mengi (ma- na -ingi zikiungana), na maji yangu yanakwenda na maji yote. Miti ni mizuri na mingi, lakini ni yangu na yote.

Chache humdanganya mtu kwenye ngeli hiyohiyo: siku chache, nguo chache, hakuna kiambishi kinachoonekana, kana kwamba ni ndugu yake kadhaa. Hamisha nomino tu. Miaka michache, maneno machache, vikombe vichache. Na akija mnyama, ngeli ya umbo inawekwa kando: ng'ombe wachache, mbuzi wengi, kuku wote. "Ng'ombe nyingi" utaisikia mitaani kila siku. Kwenye habari ninayoihariri haipiti.