Kujiuzulu kwa kulazimishwa: barua ya kuacha kazi isipofunga mlango wa madai

Kwa kawaida anayejiuzulu amejiondoa mwenyewe, na hawezi kugeuka baadaye akadai kwamba alifukuzwa. Sheria ya Tanzania inaacha upenyo mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 36, inasema kwamba mfanyakazi akiacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya kazi hiyo isivumilike, kuacha huko ni sawa na kuachishwa na mwajiri. Hiyo ndiyo inaitwa kujiuzulu kwa kulazimishwa.

Watu wengi huiulizia dhana hii baada ya kukabidhiwa mpango wa kuboresha utendaji, ile karatasi yenye malengo na siku za kuyafikia. Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu mpango wenyewe si uonevu. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri achunguze chanzo cha utendaji duni, atoe maelekezo au mafunzo panapohitajika, kisha ampe mfanyakazi muda wa kutosha wa kujirekebisha. Kwa hiyo anayeacha kazi kwa hofu tu kwamba hatafikia malengo hana kesi, hata kama bosi wake ni mkali.

Tuchukue mfano wa kubuni. Afisa mauzo wa Arusha, mwenye miaka minne kazini, anapewa siku 60 afikishe mauzo ya shilingi milioni 40 kwa mwezi. Wiki ya pili ananyang'anywa gari la kuzungukia wateja, na nusu ya eneo lake anapewa mwenzake, lakini lengo linabaki milioni 40. Wiki ya nne meneja anamwita: andika barua ya kuacha kazi leo, la sivyo tutakufukuza na hutaajiriwa tena mjini hapa.

Sasa mambo yamebadilika. Mpango uliopaswa kumsaidia umegeuzwa mtego, na tishio limeongezwa juu yake. Hata hivyo Kanuni zinaweka sharti ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: anayedai kwamba alitendewa isivyo haki anatakiwa awe ametumia kwanza njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa kama ana sababu nzuri ya kutozitumia. Afisa wetu angepaswa kuwaandikia rasilimali watu siku ile ile gari lilipochukuliwa, ataje tarehe na lengo lisilopunguzwa, na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Tishio la meneja nalo aliandike kwa barua pepe jioni hiyo hiyo. Karatasi hizo ndizo zitakazomsemea, maana hapa ni mfanyakazi anayeanza kuthibitisha kwamba aliachishwa. Angesubiri afukuzwe, mzigo wa kuthibitisha sababu halali na utaratibu wa haki ungekuwa wa mwajiri. Kwa maoni yangu, anayeweza kuvumilia aivumilie hiyo miezi miwili. Mara nyingi kesi yake huwa na nguvu zaidi.

Akishindwa kuvumilia, kila neno la barua yake lina uzito. Barua ya “naacha kazi kwa sababu binafsi, nashukuru kwa ushirikiano” itasomwa mbele yake siku ya shauri, na itamuumiza. Aandike ukweli: “Naacha kazi kwa sababu mazingira niliyoyalalamikia kwa barua yangu ya tarehe 10 Februari hayajarekebishwa na hayavumiliki. Sijaacha kwa hiari.” Kuhusu notisi, anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa angalau siku 28. Akiondoka bila kuitumikia, mwajiri anaweza kukata fedha za siku hizo. Akiitumikia yote bila neno, ataulizwa ilikuwaje akavumilia.

Halafu kuna karatasi ya mwisho, ile anayopewa pamoja na hundi, inayosema “nimelipwa yote na sina madai mengine”, au makubaliano ya kuachana kwa hiari. Saini hiyo inaweza kufunga alichokiacha wazi. Mshahara wa siku alizofanya kazi na malipo ya likizo ambayo hajaichukua ni haki yake hata bila karatasi hiyo. Akibanwa, asaini kwa maneno “nimepokea kiasi hiki tu, madai mengine yanabaki”.

Shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu CMA F1, ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Kama siku yake ya mwisho kazini ilikuwa 3 Machi, fomu iwe imefika Tume ifikapo 2 Aprili, na mwajiri awe amepewa nakala. Akichelewa, ataanza kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu ya kuchelewa, na mazungumzo ya kulipwa yanayoendelea na ofisi ya zamani si sababu ya kuitegemea.