Paa linapovuja, bati si lazima liwe limetoboka

"Bati la barazani linavuja kila mvua ikija na upepo. Je, limeoza, nilibadilishe?"

Mara nyingi bati ni zima, na maji yanapita pale linapokutana na ukuta. Katika nyumba nyingi za Mtwara na Lindi, paa la baraza huegemea ukuta mkubwa, na fundi huziba mwanya kwa saruji peke yake. Bati hutanuka kwa jua la mchana na kunywea usiku, ilhali ukuta haujongei. Hivyo saruji hupasuka ufa mwembamba kama uzi, na maji yanayotiririka ukutani huingia humo. Kupaka lami juu ya ufa huo ni kuahirisha tatizo, kwa kuwa nayo hukauka na kupasuka.

Kinachotakiwa ni bati la kukunja: upande mmoja uinuke ukutani takriban sentimita 15, na mwingine ulalie bati la paa kwa kiasi hichohicho. Ukingo wa juu uchomekwe katika mfereji uliochongwa ukutani, kina cha sentimita 2 au 3, kisha uzibwe. Usipigiliwe juu ya lipu tu, kwani maji yatapita nyuma yake.

Kabla ya kununua bati jipya, mwagia maji kwa mpira kuanzia chini ya paa, ukipanda taratibu, huku mwenzako akitazama ndani. Dari ikianza kulowa pale tu maji yanapofika ukutani, tatizo liko kwenye maungio.