Swali la ufahamu halinyofolewi kwenye sentensi

"Jibu si liko pale pale kwenye ikisiri?" Kauli hii husikika karibu kila mtu anapopewa zamu ya kuandaa maswali ya kikundi cha kusoma makala za utafiti hapa Mombasa, iwe Tononoka au Likoni, na imeua mijadala mingi ya Jumamosi. Wauguzi na matabibu wanajibana kutafuta saa moja kwa wiki, wengine wanasoma ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo wa makala, kwenye simu wakiwa foleni ya feri, kisha wanakalishwa kujibu maswali ambayo hata mtu asiyejua makala inahusu nini angeyajibu. Hizi hapa dhana zinazofanya hivyo, na ile iliyo mbaya zaidi tuianze.

Dhana: swali la ufahamu ni sentensi ya ikisiri iliyotolewa neno moja na kutiwa "nini" au "ngapi"

Si kweli, na ushahidi wake ni mwepesi. Soma sentensi hii: "Mapuzi yaliongeza ukwezu kwa watoto wenye mnyenzo hafifu." Sasa jibu: mapuzi yaliongeza nini? Ukwezu. Kwa watoto gani? Wenye mnyenzo hafifu. Umepata alama zote, na maneno yenyewe hayana maana yoyote. Kilichofanya kazi hapo ni jicho kulinganisha swali na sentensi. Swali lolote ambalo bado linajibika baada ya kubadilisha maneno makuu kuwa upuuzi halipimi ufahamu. Litoe.

Tuchukue makala halisi. Jaribio la FEAST lilichapishwa 2011 katika New England Journal of Medicine, na Kilifi, jirani zetu, ilikuwa mojawapo ya hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania zilizoshiriki. Watoto wenye ugonjwa mkali wa homa na mzunguko dhaifu wa damu waligawanywa kwa nasibu. Kundi moja lilipewa dripu ya kasi ya albumini ya asilimia 5, la pili dripu ya kasi ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kila moja mililita 20 hadi 40 kwa kilo ya uzito, mara tu mtoto anapolazwa. Kundi la tatu, la udhibiti, halikupewa dripu ya kasi. Vifo ndani ya saa 48 vilikuwa asilimia 10.6 kwa albumini (111 kati ya 1,050), 10.5 kwa maji ya chumvi (110 kati ya 1,047) na 7.3 kwa udhibiti (76 kati ya 1,044).

Mwandaaji mwenye haraka ataandika: "Vifo katika kundi la albumini vilikuwa asilimia ngapi?" Kikundi kitajibu kwa sauti moja, na hakuna aliyefikiri. Ukitaka kujua kama wameelewa, waachie tarakimu zote wazi mbele yao na uulize kile ambacho tarakimu hizo zinasema zikikaa pamoja. Kwa mfano: *Ukiwa na watoto 100 wa aina hii waliopewa dripu ya kasi na 100 wasiopewa, vifo vitatofautiana kwa watoto wangapi hivi?* Hapo mtu lazima atambue kwamba makundi mawili ya kwanza yanakwenda upande mmoja, atoe 7.3 kwenye 10.5 na kitu, na apate takriban watoto 3. Ikisiri pia inatoa uwiano wa hatari wa 1.45 kwa dripu yoyote ya kasi dhidi ya udhibiti. Basi swali linalofuata linajileta lenyewe: *Mwenzako mmoja anasema hatari ya kifo iliongezeka kwa asilimia 45, mwingine anasema ni watoto 3 zaidi katika kila 100. Nani amekosea?* Hakuna aliyekosea, na mtu anayeweza kueleza kwa nini amesoma matokeo kweli.

Makundi yapo matatu, na hilo pekee linatosha swali jingine. *Tatizo lilikuwa aina ya maji, au kule kuyaingiza kwa kasi?* Jibu linapatikana kwa kuweka milinganisho miwili bega kwa bega. Albumini dhidi ya maji ya chumvi, uwiano ni 1.01, na mipaka yake ya uhakika ni 0.78 hadi 1.29, yaani hakuna tofauti iliyoonekana. Maji ya chumvi dhidi ya udhibiti, uwiano ni 1.44, na mipaka ni 1.09 hadi 1.90. Aliyesoma mstari mmoja tu hawezi kujibu. Hiyo ndiyo sifa ninayoitafuta kuliko zote: jibu likae katika sehemu mbili za ikisiri zilizo mbalimbali, ili msomaji alazimike kuziunganisha.

Kisha kuna swali ambalo jibu lake sahihi ni "ikisiri haisemi". Watu wanaliogopa bure, na katika kila seti linafaa liwemo moja. Hapa ni hili: *Watoto wa kundi la udhibiti walipewa maji ya mshipa ya matunzo kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Kweli, si kweli, au ikisiri haisemi?* Wengi watasema kweli. Ikisiri inasema tu kwamba watoto wote walipewa maji ya mshipa ya matunzo, haitaji kiasi. Muuguzi anayetoka kwenye kikao akiamini kwamba utafiti ulionyesha kumnyima mtoto maji ni salama ametoka na kosa la hatari, na kosa hilo lingenaswa kwa swali moja.

Dhana: hitimisho ni ikisiri iliyorudiwa, kwa hiyo halina swali lake

Kinyume chake, hitimisho ndilo lenye maswali mazuri zaidi, kwa sababu hapo mwandishi anatoka kwenye alichokipima na kuingia kwenye anachokidai. Kazi yako ni kuuliza kama madai yamekaa ndani ya mipaka ya vipimo.

Hitimisho la ikisiri ya FEAST linasema dripu za kasi ziliongeza kwa kiasi kikubwa vifo vya saa 48 kwa watoto mahututi wenye mzunguko dhaifu wa damu, katika mazingira haya ya Afrika yenye uhaba wa vifaa. Chukua kalamu, upigie mstari kila neno linalobana: *watoto*, *mahututi*, *mzunguko dhaifu*, *saa 48*, *mazingira haya*. Kisha futa moja moja na uulize kama sentensi bado ni kweli. Kila neno ukilifuta na maana ikavunjika, umepata swali.

Futa "wenye mzunguko dhaifu", halafu mlete mtoto wa wodini: *Mtoto wa miaka 2 anaharisha tangu jana, macho yamezama, ngozi ikivutwa hairudi upesi. Je, hitimisho hili linamhusu?* Halimhusu. Sehemu ya mbinu katika ikisiri ile ile inasema watoto wenye ugonjwa wa tumbo wa kuharisha na wenye utapiamlo hawakuingizwa. *Na mtoto ambaye presha yake imeshuka mno?* Hapa jibu ni tamu zaidi: hao waliwekwa tabaka la pili, ambalo lote lilipewa dripu ya kasi, ama albumini ama maji ya chumvi. Halikuwa na kundi la udhibiti, kwa hiyo hakuna mlinganisho wa kuamulia.

Sasa nenda mwisho wa makala, aya ya mwisho ya mjadala. Pale waandishi wanasema matokeo yanatia shaka umuhimu wa dripu ya kasi kwa watoto wenye mshtuko wa damu wasio na presha iliyoshuka, katika mazingira yenye uhaba, kisha wanaongeza kwamba yanaibua maswali kuhusu miongozo ya kwingineko pia. Weka hitimisho la ikisiri na hili la mwisho katika karatasi moja na uliza: *Lipi limeongezwa, na lina ushahidi gani ndani ya jaribio hili?* Kikundi kitaona chenyewe kwamba sentensi ya kwanza inaripoti kilichopimwa, na ya pili inapendekeza, na kwamba waandishi walichagua neno la kuibua maswali, hawakusema wamethibitisha. Ukipata dakika 20 za ubishi hapo, usizikate.

Dhana: makala ni ya Kiingereza, basi maswali yawe ya Kiingereza

Hii ndiyo njia ya mkato ya kurudi kwenye mapuzi na ukwezu. Swali likiwa la Kiingereza, maneno yake yanalingana na ya ikisiri na mtu ananakili. Likiwa la Kiswahili, hana cha kunakili. Lazima aelewe ndipo ajibu. Kubalianeni tu mapema kuhusu istilahi tano au sita za makala ya wiki hiyo, ziandikwe juu ya karatasi, ili ubishi usigeuke kuwa wa msamiati.

Dhana: maswali mengi ndiyo maandalizi mazuri

Kwa saa moja, maswali 5 yanatosha, na mara nyingi la tano halifikiwi. Moja la tarakimu, moja la kuunganisha sehemu mbili, moja la "ikisiri haisemi", na mawili ya hitimisho. Ukileta 15, kikundi kitayakimbiza kama mtihani wa darasa la nane.

Dhana: "unaonaje?" ni swali la ufahamu

La. Ni swali la maoni, na mtu anaweza kulijibu vizuri bila kufungua makala. Liweke mwisho, baada ya mengine.

Dhana: mwandaaji anajua majibu kichwani, hahitaji kuyaandika

Anahitaji. Pigia ikisiri namba za mistari, na chini ya kila swali andika jibu pamoja na mistari linakotoka. Jibu likitoka mstari mmoja tu, rudia swali. Ukishindwa kutaja mstari wowote, na si lile swali la "ikisiri haisemi", umeuliza kitu kisichomo, labda umekitoa kwenye makala nyingine au kwenye uzoefu wa wodini. Alhamisi mpe mwenzako mmoja maswali hayo bila majibu. Akikuletea jibu tofauti na lako kutoka mistari ile ile, kosa liko kwenye maneno ya swali, na bado una Ijumaa ya kuliandika upya.